Kikohozi na uchovu vinavyobaki baada ya mafua: lini usubiri, lini upimwe

Hotuba ya tabibu wa kliniki ya kifua kwa walimu na wazazi wa shule ya sekondari, Morogoro

Mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mkuu wa shule ameniita kwa sababu moja. Mafua makali yamepita hapa mwezi uliopita, homa zimekwisha, lakini chumba cha walimu bado kinakohoa. Wapo pia ambao kipindi cha nne kikifika hawana tena nguvu ya kusimama ubaoni. Akaniuliza: hii ni kawaida, au kuna ugonjwa umejificha? Jibu langu ni kwamba kwa wengi wenu ni kawaida, na kwamba hata hivyo wengi wenu mnatakiwa kupima makohozi wiki hii. Najua maneno hayo mawili yanaonekana kupingana. Ndiyo maana nimeomba muda wa kutosha.

Tuanze na kikohozi chenyewe. Virusi vya mafua, viwe vya influenza au vya Uviko-19, hushambulia utando wa ndani wa pua, koo na njia za hewa. Juu ya utando huo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo usiku na mchana vinasukuma kamasi na vumbi kuelekea juu ili mapafu yabaki safi. Influenza inaukwangua utando huo pamoja na vinyweleo vyake. Siku ya nne au ya tano homa inashuka, unajiona umepona, kumbe ndani pako kama goti la mtoto lililochubuka: kidonda hakina mdudu tena, ila ngozi haijarudi. Kuirudisha huchukua wiki, si siku. Wakati huo wote, kwa kuwa vinyweleo havifanyi kazi, mwili unabaki na njia moja tu ya kutoa uchafu kifuani, nayo ni kukohoa.

Kuna jambo la pili. Mishipa ya fahamu inayoamsha kikohozi hubaki na wepesi usio wa kawaida. Kitu ambacho zamani hukukihisi, leo kinakukohoza: vumbi la chaki, moshi wa mkaa, ubaridi wa asubuhi unaoshuka kutoka Uluguru, kucheka, hata kuongea kwa sauti kubwa. Mwalimu anaongea kwa sauti kubwa vipindi vitano au sita kwa siku. Msishangae kwamba mnakohoa kuliko karani aliyeugua siku moja na ninyi.

Je, kikohozi hiki kinakaa kwa muda gani? Ukiwauliza watu, wengi watakwambia wiki moja. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa yale watu wanayotarajia na yale yanayotokea kweli. Watu walitarajia siku saba hadi tisa. Tafiti za wagonjwa zilionyesha wastani wa siku 18 hivi. Na huo ni wastani, maana yake wapo wengi wanaouvuka. Kikohozi kinachobaki kati ya wiki ya tatu na ya nane baada ya mafua sisi tunakihesabu kuwa ni mabaki ya ugonjwa uliopita, mradi hakuna dalili nyingine. Kikivuka wiki nane kwa mtu mzima kinaitwa sugu, na hapo lazima kitafutiwe sababu nyingine.

Pesa nyingi hupotea kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Wiki moja imekwisha, bado unakohoa, unakwenda duka la dawa na kununua amoksilini. Siku tano hazijaleta nafuu, unanunua azithromaisini. Wiki ya tatu kikohozi kinaanza kupungua chenyewe, kama ambavyo kingepungua bila dawa yoyote, nawe unaamini azithromaisini ndiyo imekuponya. Mwaka unaofuata unaanza nayo moja kwa moja. Dawa hizo zinaua bakteria. Hazina lolote la kufanya kwa utando uliochubuka.

Ingekuwa ni hasara ya fedha tu, nisingelisema kwa uchungu. Lakini zipo dawa za kundi la siprofloksasini na levofloksasini ambazo zinamgusa mdudu wa kifua kikuu nusunusu. Mgonjwa wa TB akizimeza kwa kudhani ana mabaki ya mafua, anapata nafuu ya wiki moja au mbili, anaahirisha kupima, kisha ugonjwa unarudi ukiwa umekomaa na wakati mwingine ukiwa umeizoea dawa. Tafadhali, msizimeze kwa ajili ya kikohozi kabla makohozi hayajapimwa.

Hapo ndipo yale maneno yangu mawili yanapokutana. Katika nchi ambayo kifua kikuu ni nadra, daktari anaweza kumwambia mwenye kikohozi cha wiki ya tatu arudi nyumbani asubiri. Tanzania haiko hivyo. Kwetu kanuni ni kwamba anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapimwa makohozi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI hasubiri hata hizo wiki mbili. Kikohozi chochote, hata cha siku moja, anakuja nacho kliniki. Na mtu yeyote anayekohoa huku akipata homa za jioni, akilowesha shuka kwa jasho usiku, au akipungua uzito bila kukusudia, naye asihesabu siku.

Kwa nini, ikiwa mimi mwenyewe nasema kikohozi cha wiki ya nne ni kawaida? Kwa sababu kikohozi cha TB hakina sauti yake ya pekee. Hakuna tabibu anayeweza kukaa mbele yako, akasikiliza ukikohoa, akajua kwamba hiki ni cha mafua na kile ni cha TB. Isitoshe, kuugua mafua hakumkingi mtu na TB. Yupo mtu ambaye mdudu wa TB ameanza kumla taratibu tangu miezi miwili iliyopita, kisha mafua yakampitia kama yalivyompitia kila mtu. Kila kitu atakisingizia mafua, na ndugu zake watamuunga mkono, kwa sababu nyumba nzima iliugua. Huku anaingia darasani lenye watoto 60, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Kwa hiyo nikikutuma ukapime, sisemi kwamba una TB. Wengi wanaopimwa kwa kikohozi cha baada ya mafua hawana. Tunapima ili kusubiri kwako kuwe kusubiri kwa mtu aliyejua, si kwa mtu aliyekisia.

Kipimo chenyewe hakina maumivu na katika vituo vya serikali hulipii. Mashine ya GeneXpert inatafuta vinasaba vya mdudu ndani ya makohozi, inatoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili tangu sampuli iwekwe ndani, na hapohapo inaonyesha kama mdudu huyo anaikataa dawa ya rifampisini. Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni sampuli. Watu wanaleta mate. Makohozi ni mazito na yanatoka chini kifuani. Yale ya asubuhi, kabla hujala, ndiyo bora. Sukutua kinywa kwa maji, simama nje penye upepo mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili uitoe polepole, ya tatu ivute kisha kohoa kutoka tumboni, uteme ndani ya kikopo mpaka upate kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Funga kikopo vizuri, kilete mapema. Kama kikohozi ni kikavu na hutoi kitu, usikate tamaa ukalala nyumbani. Njoo tukuone, tutaamua kuhusu eksirei.

Sasa niwasimulie mgonjwa mmoja. Nimebadilisha mambo machache asitambulike. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 43. Aliugua mafua yenye homa kali na maumivu ya viungo, akalala wiki nzima. Alikuja kwetu wiki ya tano. Kikohozi kikavu, kinachochochewa na kufundisha na kinachozidi akilala. Mfukoni alikuwa na maganda ya amoksilini, azithromaisini, na chupa mbili za dawa ya maji ya kikohozi.

Swali langu la kwanza halikuwa amekohoa siku ngapi. Nilimuuliza: wiki ya kwanza uliamka mara ngapi usiku kwa kukohoa, na wiki hii mara ngapi? Akafikiri, akasema mwanzoni hakuwa analala kabisa, wiki ya tatu aliamka kama mara nne, sasa anaamka mara moja. Hicho ndicho ninachokitafuta kuliko hesabu ya siku. Mabaki ya mafua yana mteremko. Leo kinaweza kupanda, kesho kikashuka, lakini ukilinganisha wiki na wiki kinapungua. Kikohozi kilichosimama palepale wiki tatu mfululizo, au kinachopanda, hata kama ni kidogo, kinanipa wasiwasi zaidi kuliko kikubwa kinachoshuka.

Nikamuuliza kuhusu nguo. Sketi zinamkaa vilevile? Zinamkaa. Tukampima uzito, kilo 68, sawasawa na ulioandikwa kwenye kadi yake miezi mitatu nyuma. Jasho la usiku hana, damu kwenye makohozi hajawahi kuiona, kifua hakipigi mluzi. Nikamuuliza kama ana shinikizo la damu na anameza nini. Swali hili wengi hawalitarajii, lakini vidonge vya kaptopril, enalapril na lisinopril vinaweza kumletea mtu kikohozi kikavu kisichoisha, wakati mwingine miezi baada ya kuvianza. Yeye hatumii. Kama wewe unatumia, usiviache mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia, zipo dawa mbadala.

Oksijeni yake ilikuwa asilimia 98, alipumua mara 16 kwa dakika, mapafu yalisikika safi. Kwa dalili hizo zote, kikohozi chake kilikuwa cha mafua. Na bado tulimpima makohozi siku ileile, kwa sababu alikuwa amezivuka wiki mbili zamani. Hayakuonyesha mdudu. Eksirei ilikuwa safi. Hapo ndipo nilipokuwa na haki ya kumwambia asubiri.

Hakutoka na mfuko wa dawa, na nilimwona usoni kwamba hakuridhika. Nilimwambia ameze kijiko cha asali kabla ya kulala, jambo linalotuliza koo kweli (ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe, inaweza kumletea sumu hatari). Anywe maji mara kwa mara darasani, kikohozi kikianza kupanda ameze funda badala ya kulazimisha kukohoa. Jiko la mkaa litoke ndani. Ubao ufutwe kwa kitambaa kibichi. Kuhusu kupiga nyungu, ambako wengi tulikuzoea enzi za Uviko-19, mvuke unaweza kulegeza kamasi kwa muda mfupi, lakini hauuotishi utando, na nimeshaona watu wazima na watoto walioungua kwa sufuria kupinduka chini ya blanketi. Mimi siushauri. Wiki ya nane alirudi akiwa anakohoa asubuhi tu.

Ila yeye hakuja kwa kikohozi peke yake. Alisema: "Daktari, nikipumzika naona nimepona, nikijaribu kuishi naanguka." Nikamwomba aniandikie wiki moja kwenye daftari, kila siku alifanya nini na alijisikiaje. Jumamosi alijisikia vizuri, akafua mabeseni mawili, akaenda soko, akachota maji. Jumapili alikuwa na uchovu wa kawaida. Jumatatu miguu ilikuwa mizito, kichwa kinauma, hakumbuki majina ya wanafunzi, akaomba ruhusa. Jumatano akapata nafuu, akafidia kazi zote za Jumatatu. Ijumaa akalala tena.

Aina hii ya uchovu inatofautiana na ule wa kawaida, na inatokea baada ya Uviko-19 na baada ya virusi vingine pia. Adhabu yake haiji papo hapo. Inakuja saa nyingi baadaye, mara nyingi siku ya pili, na ndiyo sababu mtu haioni ikitoka kwenye beseni za Jumamosi. Anasema imekuja tu. Watu wa nyumbani wakiona amefua Jumamosi na kulala Jumatatu, wanasema ni uvivu. Naomba wazazi na wakuu wa kazi mnisikilize hapa: mtu huyu hatengamai kwa kulazimishwa mazoezi. Kulazimishwa kunamrudisha nyuma.

Tulichofanya ni kupanga. Kazi zake kubwa za wiki ziligawanywa, beseni moja Jumamosi, jingine Jumatano, na kwenye kila saa ya kazi ya mikono aliweka mapumziko ya kulala chali dakika 20 kabla hajachoka, si baada ya kuchoka. Mkuu wake wa shule alimruhusu kufundisha ameketi na akapanga vipindi vyake visifuatane. Alitakiwa kubaki chini ya kile kiwango ambacho daftari lilionyesha kinamwangusha, hata siku ambazo alijisikia na nguvu. Siku hizo za nguvu ndizo zenye mtego. Wiki mbili zilipopita bila kuanguka, aliongeza kidogo. Ilimchukua kama miezi miwili kurudi kwenye vipindi vyake vyote. Yule ambaye uchovu wake hauna tabia hii ya kuchelewa, anayechoka leo na kesho akaamka sawa, anaweza kuongeza kazi na matembezi kwa kasi kidogo.

Uchovu nao una kipimo chake cha muda. Baada ya influenza ya kawaida, wiki mbili au tatu za ulegevu si ajabu. Aliyepata nimonia asubiri zaidi: kikohozi na kuhema vitakuwa vimepungua sana karibu wiki ya sita, lakini uchovu unaweza kufika miezi mitatu au hata kuipita. Kama wiki nne zimepita na bado huwezi kazi zako, au uchovu unazidi, njoo. Dalili za Uviko-19 zikiwa bado zipo miezi mitatu baada ya kuugua, zimedumu angalau miezi miwili na hazina sababu nyingine, hali hiyo ina jina na Shirika la Afya Duniani liliitolea maelezo Oktoba 2021. Siyo kujiendekeza.

Hayo maneno "hazina sababu nyingine" yana uzito. Kabla ya kukubali kwamba ni mabaki ya virusi, tunapima wingi wa damu, sukari, virusi vya UKIMWI, na malaria kama kuna homa. Si vipimo vya gharama kubwa. Mama aliyechoka tangu mafua, ukimpima, unaweza kukuta damu iko 8 wakati inatakiwa kufika 12, na chanzo ni hedhi nzito ya mwaka mzima. Mafua yalifunua tu. Mwanamume anayechoka, anakunywa maji mengi na kukojoa usiku, huenda sukari imepanda. Hawa wote wakiambiwa wapumzike, watapumzika bila kupona.

Yapo mambo ambayo hayasubiri kliniki ya kesho. Kuhema ukiwa umekaa, au kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Kukohoa damu. Kifua kuchoma unapovuta pumzi, hasa kama mguu mmoja umevimba na kuuma, kwa sababu damu inaweza kuganda mguuni na kipande kikapanda hadi mapafuni. Moyo kwenda mbio bila sababu, kuzimia, au miguu yote miwili kuvimba, kwani virusi hivi vinaweza kuugusa msuli wa moyo. Mwenye dalili hizo asikimbie wala asicheze mpira mpaka apimwe. Mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Wenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni nyumbani, 92 au chini yake ni safari ya hospitali sasa hivi. Lakini kifaa hicho kinaweza kusoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi, na rangi ya kucha au hina nyeusi inaweza kukikorofisha. Tumia kidole kisichopakwa, na kama mtu anahema usiiamini namba ukamwacha mtu.

Na dalili moja ambayo ni rahisi kuikosa: homa iliyoondoka ikarudi. Umeugua mafua, siku ya tano umepata nafuu, siku ya nane au ya kumi homa inapanda upya, makohozi yanageuka mazito ya njano au yenye rangi ya kutu, kifua kinauma. Hayo si mabaki. Mara nyingi ni bakteria walioingia kwenye utando ule uliochubuka na kuleta nimonia, na hapo antibayotiki inahitajika kweli, siku hiyohiyo.

Kwa mtoto, msihesabu wiki. Mtoto anayepumua haraka, ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, anayekataa kunyonya au kula, mpelekeni leo. Mtoto anayekohoa mfululizo mpaka anatapika na kuvuta pumzi kwa mlio, huenda ni kifaduro. Na mtoto wa nyumba yenye mgonjwa wa TB apelekwe kupimwa hata kama hakohoi, maana wadogo wengi hawatoi makohozi.

Nimekuja na boksi la vikopo vya makohozi. Kila mwalimu aliyefikisha wiki mbili za kukohoa achukue kimoja akitoka, aandike jina na tarehe ubavuni mwa kikopo, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana maabara. Kesho asubuhi mwenzangu atapita hapa getini saa moja kuvikusanya. Sasa nipokee maswali.